Namba yako ya zamani ina mwenyewe mwingine sasa: maana ya laini kurudishwa sokoni na jinsi ya kukata akaunti zilizobaki nayo

Mwezi uliopita kwenye grupu letu la ukoo la wasap kuna ujumbe uliingia saa mbili usiku, picha ya profaili ni ya mama mdogo wa Newala kavaa kitenge chake kile cha harusi, ila maneno siyo yake kabisa: "Samahanini jamani, mimi hii laini nimeinunua juzi hapa Kilwa Masoko, nimefungua wasap nikajikuta humu, mwenye namba yuko wapi?" Watu wakaanza kumjibu mama mdogo umechanganyikiwa, wengine wakasema kahakiwa huyo msimtumie hela. Kumbe kijana wa watu alikuwa anasema kweli tupu.

Mimi nauza na kusajili laini hapa Mtwara mjini na hili swali naletewa sana, basi ngoja nilieleze taratibu maana wengi wanadhani namba ya simu ni mali yako ya kudumu kama kiwanja. Siyo hivyo. Namba unapewa uitumie tu, mwenye nayo ni mtandao, na mtandao nao umegawiwa na TCRA. Halafu zina mwisho. Chukua namba zinazoanza na tarakimu nne zile za mbele, baada ya hapo zimebaki sita, kwahiyo kichwa kimoja kama hicho kinatoa namba milioni moja na basi, huwezi kuongeza hata moja. Sasa watu wananunua laini kila siku, msimu wa korosho ndo usiseme, mtu anachukua laini kwa ajili ya ofa ya bando akimaliza anaitupa droo. Mtandao ukiona laini imekaa bila kupiga, bila kutuma, bila vocha, unaifunga, inapumzika kidogo halafu namba ileile inachapwa kwenye kadi mpya na kurudi sokoni. Muda wenyewe unatofautiana kwa masharti ya kila mtandao ila unahesabiwa kwa miezi, siyo kwa miaka. Hapo hakuna wizi wala kosa la mtu, ndo utaratibu, dunia nzima wanafanya hivyo.

Tatizo liko kwingine. Siku ile unafungua akaunti ya wasap au Gmail au Facebook walikutumia zile tarakimu za uthibitisho, ukaziandika, wakaamini namba ni yako. Waliuliza siku hiyo moja. Baada ya hapo hawaulizi tena, na mtandao wa simu ukimpa mtu mwingine hiyo namba hakuna kengele inayolia kule Google au Facebook kwamba jamani huyu siyo yule. Kwao namba ni ileile, kwahiyo mtu ni yuleyule. Mwaka 2021 watafiti wa chuo kikuu cha Princeton kule Marekani walichukua namba 259 zilizokuwa zinauzwa upya wakaangalia, wakakuta 171 bado zina akaunti za watu wa zamani kwenye mitandao maarufu. Hizo ni namba za kule, ila mtambo unavyofanya kazi ni uleule hata ukiwa Tandahimba.

Sasa turudi kwa mama mdogo maana kesi yake ina kila kitu. Yeye laini ya zamani aliiacha zaidi ya miezi minane, akahamia laini nyingine ambayo bando lake ni nafuu, lakini wasap hakugusa, ikaendelea na namba ya zamani. Hii inawezekana na watu wengi wako hivyo sasa hivi: wasap ikishathibitishwa haihitaji ile laini iwe ndani ya simu, inatumia intaneti ya laini yoyote. Kwahiyo akaunti ilikuwa hai, grupu zote ziko palepale. Siku kijana wa Kilwa alipoweka laini yake mpya na kufungua wasap, sms ya uthibitisho ikaenda kwake, kwa sababu sms inafuata kadi, haifuati mtu. Akaingia. Dakika hiyohiyo simu ya mama mdogo ikamtoa, akanipigia: "Mwanangu, wasap inaniambia namba yangu imesajiliwa simu nyingine, nimefanya nini mimi?"

Nikamuuliza kama aliwahi kuweka ile PIN ya tarakimu sita, ile unayojiwekea mwenyewe kwenye wasap na inaulizwa baada ya zile tarakimu za sms, akasema hajui hata ni nini. Kama angekuwa nayo kijana angekwama hapo, angelazimika kusubiri siku 7 ndo aruhusiwe kuiweka upya. Siku 7 siyo ukuta, ni nafasi tu ya wewe kushtuka.

Kitu kimoja kilimtuliza: meseji zake za zamani kijana hakuziona. Wasap meseji zinakaa ndani ya simu na kwenye bakapu, haziko kwenye namba. Alichopata ni picha ya profaili, grupu, na chochote kipya kitakachotumwa. Lakini Telegramu ni tofauti na hapa naomba muelewe vizuri, kule mazungumzo yanakaa kwenye seva zao, kwahiyo anayeingia na namba yako kama hujaweka nenosiri la ziada anakuta maongezi yote ya nyuma, mapicha na mafaili, toka mwanzo (isipokuwa zile chati za siri). Kama una Telegramu kwenye namba uliyoiacha acha kusoma hapa ukaibadilishe kwanza.

Kukata kwenyewe inategemea kama bado uko ndani au umeshatolewa. Ukiwa bado uko ndani ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu wasap inataka kuthibitisha namba mpya, siyo ya zamani. Unaingia Settings, Account, Change number, unaandika ya zamani juu na mpya chini, tarakimu zinakuja kwenye laini mpya uliyonayo, kwisha, grupu zinahama na wewe. Laini ya zamani hata iwe imeshapotea haina neno. Telegramu vilevile, unagusa namba yako kwenye Settings unachagua Change Number. Wengi wanakosea hapa, wanafuta wasap kwenye simu na kuanza upya na namba mpya, halafu ile akaunti ya zamani inabaki inaning'inia huko na grupu zake zote.

Mama mdogo alishatolewa, kwahiyo njia hiyo ilikuwa imefungwa. Nikampigia yule kijana, nikamsalimia, nikamwambia mdogo wangu nisaidie kitu kimoja, usitoke grupu mojamoja, ingia Settings, Account, kisha Delete account, halafu jisajili upya. Ukifuta akaunti hivyo namba inatoka kwenye grupu zote kwa mpigo na profaili ya mama inaondoka. Akafanya, kijana muungwana sana. Kama angekuwa mkorofi ingebidi maadmini wa kila grupu waitoe namba kwa mkono, na ndugu waambiwe wasitume kitu huko.

Nikadhani tumemaliza, ila wasap ilikuwa ndogo. Gmail ndo mzizi, maana ukiwa na imeili ya mtu unaweza kubadili nenosiri la karibu kila kitu chake. Njia ya kujua namba gani imeshikilia Gmail yako: fungua ukurasa wa kuingia kama vile umesahau nenosiri, bonyeza Forgot password, endelea na Try another way, uone inataka kutuma tarakimu wapi. Inaonyesha nukta nukta na tarakimu mbili za mwisho. Ya mama mdogo iliishia na 46, ndiyo ileile ya Kilwa. Maana yake kijana yule angetaka, na angejua imeili ya mama, angeweza kuomba tarakimu ziende kwake.

Bahati simu ya mama ilikuwa bado imeingia kwenye Gmail. Tukaenda Settings ya simu, Google, sehemu ya usalama, tukakuta Recovery phone, tukaondoa ya zamani tukaweka mpya. Hapo usisimame. Google inaweka namba sehemu zaidi ya moja, kuna ya kurudisha akaunti, kuna ya uthibitisho wa hatua mbili, kuna iliyoandikwa kwenye taarifa binafsi, na kuitoa moja hakutoi zingine. Sisi tuliikuta sehemu mbili. Halafu jua kwamba ukishabadilisha, Google inaweza kuendelea kutoa nafasi ya kutuma tarakimu kwenye namba ya zamani kwa siku 7, wameweka hivyo ili mwizi akikubadilishia wewe uweze kurudi. Kwahiyo ukirudia kile kipimo kesho yake ukaiona bado 46 usiogope, rudia baada ya wiki.

Facebook tuliifanya baadaye, iko Accounts Center kwenye Personal details halafu Contact info, unaongeza namba mpya kwanza ndo unafuta ya zamani, ukianza kufuta inaweza kukugomea kama hiyo ndo njia pekee waliyonayo ya kukufikia.

Kabla hujaanza haya yote, kama hujui laini yako ya zamani imeshauzwa au bado, piga:

```
*106#
```

Utaona namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Kama ile ya zamani bado imo, nenda duka la mtandao na namba ya NIDA na kidole chako waulize kama inarudishika, wakikurudishia utapata sms mwenyewe na kazi inakuwa nyepesi. Kama haimo, chukulia ina mwenyewe mwingine. Na ukiikuta imo lakini huitumii tena, badilisha akaunti zote kwanza ndo uiache ife.

Kilichotuchosha ni benki na chama. Akaunti yake ya benki ndo inapokea hela za korosho, na ile sms ya kuingia hela, yenye kiasi na salio, ilikuwa inakwenda namba ya zamani. Hii haibadilishwi kwenye simu, inabidi uende tawini na kitambulisho ujaze fomu, na uwaulize kabisa vitu viwili tofauti, namba ya sms za taarifa na namba ya huduma ya benki kwenye simu, maana karani anaweza kubadili moja akaacha nyingine. Mama alibadilishiwa moja. Tulijua kwa sababu siku nne baadaye kijana wa Kilwa alinitumia meseji: "Kaka, benki bado wananiletea za mama, hii ya leo nimeifuta." Tukarudi tena tawini, foleni mpaka saa nane mchana.

Imebaki chama cha msingi, pale jina lake na namba vimeandikwa kwenye daftari kwa peni, na katibu amesema atafuta akirudi kutoka mnadani.