Je, wajua kwa nini tofauti ya 27 inakuonyesha mwanafunzi alipoteleza?

"Mwanafunzi wangu fomula zote za mzunguko wa fedha kaweka sawa, ila jibu lake ni siku 83 na la kwangu ni 56, kateleza wapi?"

Mzunguko wa fedha ni siku stoki inazokaa, jumlisha siku wadaiwa wanazochukua kulipa, toa siku unazochukua kuwalipa wadai. Kwanza toa 56 kwenye 83, unapata 27, halafu gawanya kwa 9. Inagawanyika bila baki, kwa hiyo tafuta namba iliyopinduliwa tarakimu.

Mimi miaka mingi nilikuwa nakosea hapa. Nikiona mzunguko umezidi nakimbilia moja kwa moja kwa wadai, nasema huyu kajumlisha siku za kuwalipa badala ya kutoa, nakata maksi zote za njia. Kumbe hilo linapimika kabla hata hujafungua karatasi. Siku za wadai hapa ni 40, angejumlisha badala ya kutoa jibu lingezidi kwa 40 mara mbili, yaani 80, lifike 136. Sasa 27 haina hata nusu kamili, kwa hiyo kosa hilo hakulifanya na maksi zile alistahili.

Hesabu yenyewe fupi: stoki ni sh 5,400,000 na gharama ya mauzo sh 54,750,000 kwa mwaka, sawa na 150,000 kwa siku, basi stoki inakaa siku 36. Wadaiwa wanalipa baada ya siku 60. 36 jumlisha 60 toa 40 ni 56.

Mbona 9 lakini? Chukua noti 3 za elfu kumi na 6 za elfu moja, una 36,000. Zibadilishane nafasi, ziwe 6 za elfu kumi na 3 za elfu moja, una 63,000. Ni kama noti tatu za elfu moja zimegeuka kuwa za elfu kumi, na kila moja imeongeza 9,000, ndo hiyo 27,000. Idadi ya noti zilizogeuka ni tofauti ya tarakimu zenyewe, kwa hiyo hapa unatafuta namba ambayo tarakimu zake zinapishana kwa 3. Kati ya 36, 60 na 40 ni 36 tu. Ukirudi kwenye karatasi unakuta juu kaandika 36, mstari wa mwisho kahamisha 63. Inapendeza kweli!

Ila usiichukue kama ushahidi kamili. Angegawanya stoki kwa mauzo ya sh 73,000,000 badala ya gharama ya mauzo, stoki ingekuwa siku 27 na jibu 47, tofauti ni 9 kabisa na hakuna tarakimu iliyopinduliwa, hilo ni kosa la uelewa. Na akipindua tarakimu mapema, mfano 5,400,000 akaisoma 4,500,000, stoki inakuwa siku 30 na tofauti ni 6, alama ya 9 inapotea kwenye kugawanya. Hapo inabidi ulinganishe namba zake na za swali moja moja.