Je, wajua? Mnaitwa jina moja la ukoo, ila DNA inaweza isikubali

"Nimekutana na jamaa ana jina la ukoo kama langu kabisa, hatujuani wala hatutoki kijiji kimoja. Tukipima DNA itatuambia kama babu yetu ni mmoja, na hilo jina lilianzia wapi?"

La babu linajibika, tena vizuri tu kama nyote wawili ni wanaume. La jina lilianzia wapi, DNA haijui kabisa, sababu jina halimo kwenye damu.

Iko hivi. Mwanaume ana kromosomu Y moja, kaipata kwa baba yake, baba kaipata kwa babu, na inashuka hivyo hivyo bila kuchanganyika na ya mama, kasoro vipande vidogo vya kwenye ncha. Sasa kule ambako jina la ukoo linatoka kwa baba kwenda kwa mtoto, jina na Y vinasafiri njia moja, kwahiyo kinadharia watu wa jina moja wangekuwa na Y moja. Kinadharia, maana maisha ya watu hayajanyooka hivyo.

Aliyelijaribu hili mapema ni profesa wa Oxford, Bryan Sykes, na alianza na jina lake mwenyewe. Sykes ni jina la kaskazini mwa Uingereza, hasa Yorkshire, na maana yake ni kijito au mfereji mdogo, vile ambavyo mara nyingi vilikuwa mpaka wa mashamba. Wataalamu wa majina walikuwa wanasema jina kama hilo lazima lilianza mara nyingi, maana vijito viko kila mahali na yeyote aliyejenga karibu na kijito angeweza kuitwa hivyo. Basi Sykes akawaandikia barua wanaume wenye jina hilo wasiojuana naye, akaomba sampo za seli za ndani ya shavu, akapima 48. Majibu yalitoka mwaka 2000: 21 kati ya hao 48 walikuwa na Y ya aina moja, na aina hiyo haikuonekana kwa watu wa majina mengine aliowapima kulinganisha, hata wale wa eneo lile lile. Akasema basi, mwanzilishi alikuwa mmoja, karibu miaka 700 iliyopita.

Na wale 27 waliobaki je? Hapa ndo patamu. Miaka 700 ni kama vizazi 23. Tuseme kila kizazi, kati ya watoto wa kiume mia, wawili tu wanabeba jina bila kubeba Y ya jina hilo. Piga hesabu, 0.98 ijizidishe mara 23, unapata kama 0.63, yaani hata kwa kasoro ndogo hivyo zaidi ya theluthi moja ya ukoo wa leo hawana tena Y ya babu mwanzilishi. Na usikimbilie kusema wake zao walitoka nje, hiyo ni njia moja tu. Mtoto wa kulea anapewa jina la waliomlea, binti aliyezalia nyumbani mtoto wake anachukua jina la babu mzaa mama, na huko Uingereza kuna wanaume walichukua jina la upande wa mke ili warithi mashamba. Kote huko mtoto ni wa ukoo kihalali kabisa, Y tu ndo ya kwingine.

Mimi lakini naona Sykes aliruka hatua moja. Alitumia alama nne tu kwenye Y, yaani sehemu nne za kulinganisha, chache mno kwa viwango vya leo, halafu Y moja kutawala haimaanishi mwanzilishi alikuwa mmoja. Inawezekana walianza akina Sykes kumi, tisa wakaishia kwa mabinti au watoto wakafa, mmoja akabahatika kuzaa wavulana nao wakazaa wavulana. Mchezo huo wa bahati unaua majina na kukuza mengine bila mtu kufanya kosa lolote. Mwaka 2009 Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester wakapima wanaume 1,678 wa majina 40, wakakuta majina adimu mara nyingi yana Y moja au mbili zinazotawala, ila Smith, yaani mhunzi, hawafanani kuliko watu wowote uliookota barabarani. Ni sawa tu, kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake.

Hao hao wawili ndo walikutana na kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mwingereza mmoja mweupe, hana habari ya asili yoyote ya Afrika, Y yake ikatoka A1, aina ambayo kabla ya hapo ilikuwa imeonekana kwa watu wa Afrika Magharibi. Jina lake ni adimu, la Yorkshire, wao waliliandika kwa herufi R tu. Wakatafuta wanaume wengine 18 wa jina hilo, 7 wakakutwa na Y hiyo hiyo, na makaratasi ya koo zao yakarudi mpaka kwa wazee wawili waliozaliwa Yorkshire miaka ya 1780, hapo makaratasi yakakatika. Y ikaziunganisha familia ambazo maandishi yalishindwa. Ila Mwafrika mwenyewe alikuwa nani? Kimya. Anaweza kuwa alikuja kwenye biashara ya utumwa, anaweza kuwa alikuja na majeshi ya Warumi waliowahi kuweka askari kutoka Afrika Kaskazini kwenye ukuta wa Hadrian kule kaskazini mwa Uingereza, Y haibagui. Na mzee wa vizazi kumi nyuma ni mmoja tu kati ya nafasi 1,024 kwenye mti wa ukoo wako, ndo maana jamaa ni mweupe kabisa.

Sasa turudi kwetu. Tanzania wengi wetu jina la mwisho ni la babu au la baba, linabadilika kila kizazi, kwahiyo ma-Juma wawili kulinganisha Y kisa jina ni kupoteza hela. Ila majina ya ukoo yanayoshuka kwa baba, mfano Massawe au Lyimo kule Kilimanjaro, hapo kipimo kina maana.

Mkiamua, chukueni cha alama 37 au zaidi. Majibu yanakuja kama orodha ya namba, kila namba ni idadi ya mara kipande fulani kimejirudia. Kwa wastani alama moja inabadilika kama mara 3 kwenye kila watoto 1,000, kwahiyo kwenye alama 37 tegemea badiliko moja kila vizazi tisa hivi. Mkitofautiana alama moja au mbili na jina ni moja, babu mmoja wa miaka mia kadhaa iliyopita ni jambo la kuaminika, ila alikuwa kizazi cha 5 au cha 15 hapo ni makadirio. Mkitofautiana alama 15 kati ya 37, kwenye mstari wa baba babu yenu si mmoja ndani ya umri wa jina lenu.

Halafu msipime wawili tu. Msipolingana hamtajua ni upande gani ulikatika, wako au wake. Kila mmoja atafute binamu wa mbali wa kuumeni, mwenye babu wa babu mmoja naye. Wewe na binamu yako mkilingana, basi ile Y ni ya yule mzee, sasa linganisheni mzee na mzee. Na kama anayeuliza ni dada, yeye Y hana, amwombe kaka au baba, au baba mdogo.