Kukata na kukatakata: neno linaporudiwa, maana huenda wapi?

Jibu la haraka ambalo wengi hulitoa ni kwamba kurudia neno ni kulitilia mkazo. Mtu akisema "kwelikweli" amekazia kweli, basi na mengine ni vivyo hivyo. Lakini anayetembeatembea hatembei zaidi ya anayetembea. Anazurura, hana anakokwenda. Hapo uradidi, yaani huko kurudia neno, umelegeza maana badala ya kuikaza, na jambo la kuuliza ni nini kinachoamua upande.

Tuanze na kitenzi, maana huko ndiko uradidi unakofanya kazi kubwa zaidi. Chukua "kata". Kinachorudiwa ni shina pamoja na miisho yake. Viambishi vya mwanzo, yaani vya nafsi, wakati na yambwa au kitu kinachotendewa, hutajwa mara moja tu. Kwa hiyo tunasema "amezikatakata karatasi", wala hakuna asemaye "amezikata-mezikata". Ukigeuza kitenzi kiwe cha kutendwa, vipande vyote viwili hugeuka: "karatasi zimekatwakatwa". Irabu ya mwisho nayo hubadilika pande zote mbili, ndiyo maana mtoto huambiwa "usizikatekate". Mgeni wa lugha akisema "usizikatekata", sikio la mzawa hushtuka hata kama hajui kanuni iliyovunjwa. Vitenzi vya silabi moja vina namna yake: "la" peke yake ni fupi mno kurudiwa, hivyo huja na "ku" yake, tukapata "anakulakula".

Sasa maana. Kukata karatasi kunaweza kuwa tendo la mkato mmoja. Kuikatakata ni mikato mingi, na matokeo yake ni vipande. Ndivyo ilivyo kwa vunjavunja, chanachana na pasuapasua. Vitenzi hivi vyote huacha mabadiliko kwenye kitu kinachotendewa, na tendo likirudiwa mabadiliko huongezeka. Maana hukazwa. Lakini tembea, cheka, ongea na soma haviachi kitu kilichovunjika wala kugawanyika, na havina mwisho wake maalumu. Ukivirudia, kinachoongezeka ni vituo na kukosa lengo: aliyesomasoma kitabu amepitia kurasa mbili tatu hapa na pale. Mara nyingi huingia na dharau kidogo, kama katika "anachekacheka hovyo".

Kipimo ninachokipendekeza ni kuongeza neno moja mwishoni. "Anatembeatembea tu" inakaa vizuri, na "wameivunjavunja kabisa" pia. Jaribu "anatembeatembea kabisa" uone inavyokwaruza. Kipimo hiki hakiamui kila kitu, kwani kuna vitenzi vya katikati kama "gusa", ambacho kina yambwa lakini hakikibadilishi kitu. "Gusagusa" huweza kuwa kugusa kidogokidogo kwa wepesi, au kugusa mara nyingi kwa kuudhi. Hapo msemaji na muktadha ndio huamua.

Kwa nomino, tofauti na kitenzi, kiambishi cha mwanzo hurudiwa pia. Nomino ya vitu vinavyohesabika hueleza mgawanyo: "walikaa makundi makundi", "ilianguka vipande vipande". Nomino ya kitu kisichohesabika huelekea kwenye mfanano. Nguo ikiwa majimaji haijawa maji, ina unyevu tu. Hapo maana imelegezwa. Usichanganye haya na "kizunguzungu", ambalo "ki" yake imetajwa mara moja: hilo ni jina la hali, na mzizi wake ni ule wa "zunguka". Mtu anayevaa au kuongea kwa kuigaiga Wazungu tunasema anafanya "kizungukizungu", na hapo kiambishi kimerudi.

Vielezi ndivyo vinavyohitaji tahadhari zaidi. "Kati" inaweza kuwa popote baina ya vitu viwili, lakini "katikati" hubana hadi pale penyewe. "Juujuu" hufanya kinyume: kulielewa jambo juujuu ni kuligusa usoni bila kuingia ndani. Vingine vimekwisha kuhama kabisa, kama "mbalimbali", ambayo leo hueleza aina tofauti tofauti na haihusiani tena na umbali. Hata "kata" yetu ina sura hii. Aliyekataa katakata hakukata chochote. Neno limekuwa kielezi, na limekazwa kuliko popote pengine.

Mtego unaowanasa wengi, wakiwamo waandishi wazoefu, ni "sana sana". "Amefurahi sana sana" ni mkazo wa kawaida. Lakini "sana sana watakuja watu kumi" huweka kikomo cha juu: hawatazidi hao. Maneno ni yaleyale. Kilichobadilika ni mahali pake katika sentensi, kwani likitangulia mwanzoni hubana idadi, na likifuata kitenzi huongeza kiasi.