Ukungu Mweusi Kwenye Mpira wa Mashine ya Kufulia: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Masika yakikatika, nyumba za wageni za Malindi huanza kufunguliwa madirisha kungoja wageni wa Julai. Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele imekaa tangu Aprili mlango umefungwa kabisa, na maji machache yamebaki ndani. Ukiufungua, uvundo unakupokea. Ukiukunjua ule mpira wa kijivu unaozunguka mlango, unakuta madoa meusi yametapakaa ndani ya mkunjo. Hapo kila mtu huwa na dawa yake: jirani anasema jiki, shangazi anasema siki, mlinzi anasema mafuta ya taa. Mimi hutengeneza mashine hizi, na mipira niliyoibadilisha kwa sababu ya ukungu wenyewe ni michache. Mingi iliharibiwa na dawa za kuuondoa.

Dhana: "Ukungu unaula mpira, kwa hiyo dawa iwe kali."

Mpira wa mlango katika mashine nyingi ni wa aina iitwayo EPDM, mpira wa kiwandani unaostahimili maji moto, sabuni na hewa ya chumvi. Ukungu haupati chakula hapo. Kinachoulisha ni utando wa sabuni ambayo haikuyeyuka, dawa ya kulainisha nguo, nyuzi za taulo na mafuta ya mwili, vyote vikiwa vimekaa kwenye unyevu. Kwa pwani yetu ongeza mchanga wa ufukweni unaotoka kwenye vikoi na mataulo.

Hii ndiyo sababu watu wanamwaga jiki tupu na bado ukungu unarudi baada ya wiki mbili. Jiki ikikutana na utando ule, nguvu yake inaishia kwenye uchafu kabla haijafika kwenye ukungu. Mtu akiona haikufaa, anaongeza. Jiki kali ikirudiwarudiwa huufanya mpira kuwa mgumu na kutoa unga mweupe, na inaila pia ile pete ya waya inayoushika mpira mahali pake. Ngoma ya chuma nayo hutoboka vidoa vya kutu. Kwa hiyo utando uondolewe kwanza, dawa ifuate.

Mfano ni nyumba moja ya Casuarina mwishoni mwa Juni. Dada anayeitunza aliniambia, "Fundi, nimeusugua mpaka mkono umekufa ganzi." Alikuwa amemimina jiki mara kadhaa. Nilichomoa waya wa umeme, nikaukunjua mpira, nikamulika tochi sehemu ya chini kabisa. Mashine nyingi zina vitundu vidogo hapo vya kutolea maji ya mkunjoni. Vya mashine ile vilikuwa vimezibwa na nyuzi na mchanga, na maji yamesimama kimo cha kidole. Ungemimina jiki ya duka zima, dimbwi lile lingebaki palepale.

Tulianza na vitundu, kwa kijiti cha mbao kisicho na ncha kali. Msumari au bisibisi utatoboa mpira mara moja. Kisha maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kikizungushiwa kidole, na kuusafisha mkunjo mzima kipande kwa kipande, ukiubadilisha upande wa kitambaa kila kinapokuwa cheusi. Kazi hii ndiyo ndefu, na huwa inaondoa zaidi ya nusu ya weusi bila dawa yoyote. Suuza, kausha.

Ndipo jiki ikaja: sehemu moja kwa sehemu kumi za maji baridi, yaani vijiko 3 vya jiki kwa vijiko 30 vya maji. Maji yasiwe ya moto, kwa sababu moto huivunja nguvu na kuongeza mvuke wa kuwasha macho. Tukavaa glavu, tukaacha madirisha wazi. Tulichovya vipande vya tishu, tukavilaza juu ya madoa ndani ya mkunjo ili dawa ikae pale badala ya kutiririka. Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha. Usiache tishu ikauke juu ya mpira. Baada ya hapo tulitoa tishu, tukapangusa mara mbili kwa kitambaa cha maji safi, tukarudisha umeme na kuendesha mashine tupu kwa mzunguko wa kusuuza. Nguo ya kwanza baada ya hapo iwe kitambaa cheupe kuukuu, maana jiki iliyobaki kwenye mkunjo itakuharibia kanga.

Jambo moja la joto letu: jiki iliyokaa kwenye kibanda chenye jua au kabati la nje kwa miezi mingi huwa imepungua nguvu. Kabla ya kuzidisha kipimo, nunua chupa mpya.

Dhana: "Siki ni ya asili, haiwezi kudhuru mpira."

Siki ni asidi, hata kama imetoka kwenye matunda. Kuipangusia mara moja na kuisuuza hakuna neno, lakini kuijaza droo kila wiki au kuiacha mkunjoni usiku kucha ni jambo ambalo baadhi ya watengenezaji wanalikataza kwa sababu ya mpira. Soma kitabu cha mashine yako. Isitoshe, siki haiondoi weusi uliokwisha kuingia.

Ina kazi moja nzuri hapa kwetu. Anayetumia maji ya kisima yenye chumvichumvi huona ukoko mweupe wa chokaa kwenye droo ya sabuni, na ukungu hujificha nyuma ya ukoko ule. Itoe droo nje ya mashine, iloweke kwenye siki iliyochanganywa na maji, ukoko utalainika. Suuza kwa maji mengi. Lakini siki na jiki zisikutane hata kwa bahati mbaya, kwa sababu zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na chumba cha kufulia cha nyumba zetu nyingi ni kidogo na hakina dirisha la maana. Siku ya siki isiwe siku ya jiki.

Dhana: "Mpira ukishasafishwa upake mafuta usikauke."

Hii naisikia zaidi kwa watu wa nyumba za zamani, na naielewa, kwa sababu ngozi ya viatu na mbao za milango hupakwa mafuta kweli. Lakini EPDM ni adui wa mafuta. Mafuta ya nazi, vaselini, grisi ya baiskeli, mafuta ya taa, vyote humezwa na mpira huo taratibu. Unavimba, unalegea, unaanza kunata kwenye kioo, na mwishowe ukingo wake hauwezi kuubana mlango. Mafuta yale pia huokota nyuzi za nguo, nao ukungu unarudishiwa chakula chake.

Utajua mpira umedhurika hivi ukiubonyeza: ule mzima hurudi mara moja ulivyokuwa, uliovimba hubaki na alama ya kidole au hushika kidole. Huo hausafishiki. Mafuta ya taa yana ubaya wa ziada ambao sihitaji kuueleza kwa kitu chenye umeme na joto.

Dhana: "Doa likibaki, ukungu bado upo."

Si lazima. Ukungu mweusi huacha rangi, na rangi hiyo ikikaa miezi hupenya ndani ya mpira. Pangusa doa kwa tishu nyeupe yenye maji. Tishu ikitoka safi, pakiwa hapatelezi na hapanuki, hilo ni doa tu na halitachafua nguo. Unaweza kurudia vipande vya tishu mara moja zaidi baada ya siku kadhaa, kisha uliache.

Wanaoshindana na doa hilo ndio wanaochukua waya wa kusugulia sufuria, au mchanga laini kama wanavyosugua masufuria. Mpira unakwaruzika, na kila mkwaruzo unakuwa nyumba mpya ya ukungu ambayo kitambaa hakifiki. Mswaki mkuukuu wenye nywele laini ndio kikomo.

Mpira wa kubadilisha ni ule uliopasuka ukiukunjua, uliochanika, au unaodondosha maji chini ya mlango mashine ikifanya kazi. Weusi peke yake si sababu.

Dhana: "Droo inatosha kupitishwa kitambaa."

Droo hutoka nzima. Ivute mpaka ikwame, ubonyeze kitufe cha plastiki kilicho karibu na kijisehemu cha dawa ya kulainisha, kisha uivute tena. Ng'oa na kile kifuniko kidogo kinachonyonya dawa ya kulainisha; chini yake ndiko kuna ute mweusi. Loweka vyote kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, usugue kwa mswaki.

Sehemu ambayo karibu kila mtu huiacha ni dari ya tundu inamoingia droo. Umeme ukiwa umechomolewa, mulika juu na utaona vijitundu vinavyonyunyiza maji, na mara nyingi ukungu umening'inia hapo, ukidondoka kwenye droo safi kila unapofua. Tumia mswaki na kitambaa chenye dawa, kilichokamuliwa. Usimwage wala kunyunyiza maji humo, kwa sababu vifaa vya umeme haviko mbali.

Ukikuta sabuni imeganda kwa tabaka, tatizo ni kipimo au aina. Unga wa kufulia kwa mkono hutoa povu jingi ambalo mashine ya mlango wa mbele haiwezi kulisuuza, nalo hurudi kwenye mkunjo na kwenye droo. Tumia sabuni ya mashine, na usiongeze ya pili "kwa ajili ya harufu".

Dhana: "Mzunguko wa maji moto kila mwezi unatosha."

Unasaidia. Mashine tupu kwa nyuzi 60 huyeyusha utando wa ndani ya ngoma, japo tokeni zinakwenda. Ila maji hayo hayafiki vizuri nyuma ya mkunjo wala juu ya droo, na ukiufunga mlango baada yake umefungia mvuke. Kinachofanya kazi kubwa ni kupangusa mkunjo kwa kitambaa kikavu baada ya kufua kwa mwisho siku hiyo, kisha kuacha mlango na droo wazi kidogo, upana wa vidole viwili. Wenye watoto wadogo waufunge mlango wa chumba chenyewe. Na ndugu zangu wa Lamu, mji wa paka, wachungulie ndani ya ngoma kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza.