Mita haijui kama unadaiwa: dhana potofu kuhusu tokeni inayokatwa deni la zamani

Umeweka 1,000, yuniti zimekuja 70 badala ya 100 ulizozoea, na hapo hapo watu wanaanza, oh mita inakula, oh wakala kapiga, oh umeme umepanda kimyakimya. Mara nyingi si hata moja kati ya hayo, ni deni la zamani linakatwa, ila kwa kuwa hakuna aliyekuelezea linakatwaje basi kila mtu anatunga yake.

DHANA: Mita inakula yuniti, deni limewekwa ndani yake

Hii ndo inaaminika kuliko zote na ndo inapoteza watu zaidi, maana mtu anahangaika na mita wakati mita yenyewe haijui chochote.

Ukweli ni kwamba makato yanafanyika kwenye sistimu ya mauzo, kabla tokeni haijatengenezwa. Unapotuma hela, sistimu inaangalia namba ya mita yako, inaona kuna deni, inatoa fungu lake, inayobaki ndo inageuzwa kuwa yuniti, afu ndo zinatoka zile tarakimu 20. Na ndani ya zile tarakimu 20 za mfumo wa STS, ambao ndo mita nyingi za tokeni zinatumia, kilichofichwa ni vitu vichache sana: alama ya aina ya tokeni, muda ilipotengenezwa (ndo maana huwezi kuiingiza mara mbili), idadi ya yuniti, na namba ya kuhakiki kwamba hujakosea kuandika. Deni halimo. Jina lako halimo. Hata hela uliyolipa haimo.

Kupima ni rahisi. Kabla ya kuingiza tokeni angalia salio la mita, tuseme inasoma 6.3. Risiti inasema yuniti 70.0. Ingiza, subiri ikubali, angalia tena, inatakiwa isome 76.3, au pungufu kidogo sana kama kuna vitu vinatumia umeme muda huo. Ikisoma hivyo basi mita iko safi na chochote kilichokatwa kilikatwa huko juu. Kitu kimoja tu cha kuangalia, kuna mita zinaruhusu uingie kwenye hasi, sasa kama ulikuwa -4.2 ukaingiza 70 utaona 65.8, hiyo sio wizi, ulishazitumia tayari.

Na wakala naye muacheni jamani, yeye anapokea kilichotoka kwenye sistimu kama wewe tu.

DHANA: Bei ya umeme imepanda

Mtu anachukua 1,000 anagawa kwa yuniti 70, anapata kama 14.3 kwa yuniti, anakuja juu. Hesabu yake iko sawa, tatizo kagawa hela isiyohusika. Risiti ukiisoma vizuri ina mistari: hela uliyolipa, makato ya deni, kodi na tozo kama zipo, hela iliyonunua umeme, na yuniti. Tuache kodi pembeni ili mfano uwe mwepesi. Umelipa 1,000, deni limechukua asilimia 30 yaani 300, imebaki 700, bei ni 10 kwa yuniti, unapata 70. Bei haijaguswa. Gawa iliyobaki baada ya makato, usigawe uliyotuma. Ukigawa hivyo na bado bei imebadilika, hapo ndo una swali la kweli la kuuliza.

Ile meseji ya tokeni wengi wetu tunakopi tarakimu 20 tunafuta, kumbe mstari wa muhimu uko hapo hapo chini yake. Usifute.

DHANA: Ukinunua kidogo kidogo unalikwepa deni

Inategemea umewekewa makato ya aina gani, na hapa watu wanaumia bila kujua. Kama ni asilimia, hukwepi na huongezewi: ununue 1,000 mara moja au 500 mara mbili, asilimia 30 ni 300 ile ile. Lakini kama ni kiasi maalum kwa kila manunuzi, tuseme 300 kila ukinunua, basi 500 mara mbili inakutoa 600 na unabaki na umeme wa 400 tu, wakati ungenunua 1,000 kwa mpigo ungebaki na umeme wa 700. Deni linapungua haraka kweli, ila giza nalo linakukuta haraka. Na ukinunua hela iliyo chini ya makato unaweza kukataliwa au ukapewa risiti haina yuniti kabisa. Aina ya tatu ni kiasi cha mwezi, hii inakukata manunuzi ya kwanza ya mwezi afu yanayofuata yanakuja kamili, ndo maana mtu anasema "juzi nilipata chache leo nimepata nyingi".

Utajuaje uko wapi? Chukua risiti mbili za viwango tofauti ulinganishe mstari wa deni. Ukibadilika kufuata hela ni asilimia, usipobadilika ni kiasi maalum, ukitokea kwenye moja tu ya mwezi huo ni wa mwezi.

DHANA: Deni likishaingia kwenye sistimu ndo limeingia, halipingiki

Hapana. Madeni mengi ya namna hii yalizaliwa siku ile mita ya zamani ya bili ilipotolewa ikawekwa ya tokeni, bili ya mwisho ambayo haikulipwa ikahamishiwa kwenye mita mpya. Sasa ile bili ya mwisho inategemea usomaji wa mwisho, na pengine hakuna aliyesoma, walikadiria.

Chukua mtu anadaiwa 4,500. Anaenda na kuomba mchanganuo wa deni, sio kuuliza tu nadaiwa ngapi, anataka kuona usomaji wa mwisho uliotumika. Anaambiwa 12,650. Yeye ana picha ya mita ya zamani siku inang'olewa, inasoma 12,350. Tofauti ni yuniti 300, kwa bei ya 10 ni 3,000 ambayo hakuwahi kuitumia. Deni halali ni 1,500. Ameshanunua mara tatu akakatwa 300 kila mara, jumla 900, kwa hiyo amebakiza 600, manunuzi mawili tu, badala ya kumi na mawili aliyokuwa anaambiwa. Kama huna picha, tafuta fomu iliyosainiwa mita ilipobadilishwa, kwa kawaida usomaji unaandikwa pale. Na malipo ya zamani ambayo hayakuingizwa nayo yanatafutwa hivyo hivyo, kwa risiti.

Mpangaji mpya naye asijidanganye kwamba deni limeondoka na aliyehama. Linafuata namba ya mita au akaunti, kwa hiyo atakayenunua ndo atakatwa. Kabla hujalipa kodi ya nyumba omba risiti ya tokeni ya mwisho, angalia mstari wa deni, kama upo mmalizane na mwenye nyumba kabla hujahamia.

Karibu na mwisho wa deni makato ya mara ya mwisho yanaweza kuwa madogo kuliko kawaida kwa sababu yanachukua kilichobaki tu, afu risiti inayofuata mstari wa deni unatakiwa uwe sifuri au usiwepo. Ukiona bado kuna hela inakatwa soma jina la mstari, kuna sehemu wana tozo ya kila mwezi ambayo usiponunua miezi kadhaa inajilimbikiza na kukatwa yote siku ukirudi, na hiyo haihusiani na deni la zamani.