Pengo moja, asilimia mbili

Juzi nimeulizwa tena, safari hii na msimamizi wa ghala hapa Kisumu: "Kama mfanyakazi amezidiwa mshahara na mwenzake kwa asilimia 20, si tumwongeze asilimia 20 yaishe?" Hayaishi. Kazi yangu ni kuandaa mishahara, na nimechoka kuona barua za nyongeza zikitiwa sahihi kwa hesabu hiyo, maana anayeumia ni yule yule aliyekuwa akilipwa kidogo tangu mwanzo.

Nilishughulikia makarani wawili wa stoo, kazi moja, zamu moja, funguo zile zile mfukoni. Mmoja wao, dada, alikuwa akipata shilingi 48,000 kwa mwezi, mwenzake 60,000. Pengo ni 12,000, na hapo hakuna aliyebisha. Ubishi ulianza kwenye asilimia. Meneja alisema pengo ni asilimia 20, dada akasema ni 25, na kila mmoja akaamini mwenzake anampiga chenga. Wote walikuwa sahihi. Meneja aligawanya 12,000 kwa 60,000. Dada aligawanya kwa 48,000. Kwenye Eksel, mshahara mkubwa ukiwa B2 na mdogo B3, tofauti ya hesabu zao ni tarakimu moja ya mwisho:

```
=(B2-B3)/B2
=(B2-B3)/B3
```

Ya kwanza inajibu swali "dada anapungukiwa kiasi gani akipimwa kwa mshahara wa mwenzake?" Ya pili inajibu "mshahara wa dada uongezwe kiasi gani ili wafikiane?" Kosa ni kuchukua jibu la swali la kwanza na kulitumia kwa la pili, na ndilo lililofanyika. Dada aliongezwa asilimia 20 ya mshahara wake mwenyewe, yaani shilingi 9,600. Akafika 57,600, na barua ikasema sasa wako sawa. Zilibaki shilingi 2,400 kila mwezi, ambazo kwa mwaka ni 28,800.

Masalio hayo hayaji kwa bahati. Ukitumia asilimia ya mshahara mkubwa kuongeza mdogo, kinachobaki ni asilimia hiyo ikizidishwa kwa yenyewe: 0.2 mara 0.2 ni 0.04, na asilimia 4 ya 60,000 ni 2,400. Pengo lingekuwa asilimia 30, ingebaki asilimia 9. Kadiri mtu alivyoachwa nyuma zaidi, ndivyo kosa hili linavyomnyima zaidi, na ndiyo sababu silichukulii kama jambo dogo la hesabu.

Kuna jingine linaloniudhi zaidi. Kampuni hutangaza nyongeza ya asilimia 10 kwa wote, watu wakaambiwa hakuna aliyependelewa. Kama makarani wale wangepewa hiyo kabla ya marekebisho yoyote, wangefika 52,800 na 66,000. Asilimia haisogei, bado ni 20 au 25, lakini pengo sasa ni 13,200. Dukani hulipi kwa asilimia. Dada angerudi nyumbani akiwa nyuma kwa shilingi 1,200 zaidi ya mwezi uliopita.

Kabla ya kugawanya chochote, hakikisha unalinganisha kitu kimoja: mshahara wa msingi kwa wa msingi, au jumla kwa jumla pamoja na marupurupu ya nyumba. Usitumie kiasi kinachofika benki, kwa kuwa kodi ya PAYE hupanda kwa ngazi na hufanya pengo lionekane dogo kuliko lilivyo. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinadai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na malipo hapo si mshahara wa msingi peke yake.

Kuhusu kigawanyo kipi ni cha haki, moyo wangu haujatulia. OECD, shirika la kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea, wakipima pengo la wanaume na wanawake hugawanya kwa mapato ya wanaume, na ni vyema kila mtu akafuata desturi moja. Lakini fomyula hiyo haitendi sawa pande zote. Mwanamke akipata 48,000 na mwanamume 60,000, inatoa asilimia 20. Wabadilishane mishahara, itatoa hasi 25, ingawa shilingi ni 12,000 zile zile. Wako wanaogawanya kwa wastani, 54,000, wakapata karibu asilimia 22. Ni usawa mzuri wa hesabu, lakini 54,000 si mshahara wa mtu yeyote. Mimi huandika shilingi kwanza, kisha asilimia, kisha neno "ya" na mshahara wa nani.

Dada alirudi na hati zake tatu za mshahara, zimekunjwa mara nne. Tukazitandaza mezani mbele ya meneja, tukaandika 60,000 kwenye barua mpya, bila asilimia yoyote. Akalipwa na malimbikizo ya miezi mitatu, shilingi 7,200.