Hatua za Tuckman si Kipimo cha Ugonjwa wa Timu

Katika vikao vya miradi hapa Dodoma imekuwa kawaida, kazi inapochelewa, mtu kusimama na kueleza kwamba timu bado ipo kwenye hatua ya mivutano, na baada ya hapo huombwa fedha za semina ya kujenga umoja. Maelezo hayo hupokelewa haraka kwa sababu yana sura ya kitaalamu. Hata hivyo, mara nyingi hayaelezi chochote.

Bruce Tuckman, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1965 kwamba vikundi vidogo huelekea kupitia hatua nne: kuundwa, mivutano, kuwekeana kanuni, na utendaji. Mwaka 1977, yeye na Mary Ann Jensen waliongeza hatua ya tano, yaani kuvunjika kwa kikundi. Hiyo ndiyo dhana kwa ufupi.

Kinachosahaulika ni mahali ilikotoka. Tuckman hakufuatilia timu za miradi; alipitia maandishi 50 ya watafiti wengine na kutafuta mfuatano unaojirudia. Sehemu kubwa ya maandishi hayo ilihusu vikundi vya tiba ya akili na vikundi vya mafunzo ya mahusiano, na Tuckman mwenyewe alikiri kwamba vikundi vya tiba vilikuwa vimezidi. Katika vikundi vya namna hiyo watu hukaa pamoja kwa muda, na mahusiano yao ndiyo kazi yenyewe. Timu ya mradi ina bajeti, tarehe ya mwisho na mabosi walio nje ya chumba cha kikao, na mambo hayo matatu yanaweza kuikwamisha hata kama wanachama wake wanapendana kama ndugu.

Jambo la pili ni kwamba mivutano aliyoieleza ina chanzo mahususi. Mwanachama hupinga kumezwa na kikundi, humpinga anayeongoza, na hukasirishwa na yale ambayo kazi inamtaka ayafanye. Ni ugomvi unaozaliwa ndani ya kikundi, na kikundi kikishakubaliana namna ya kuendesha mambo yake, unapungua. Si kila ugomvi ndani ya timu uko hivyo.

Tuchukue timu ya watu saba iliyopewa kazi ya kuandikisha wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi kwenye kanzidata moja. Mwezi wa tatu umefika na dodoso halijapitishwa. Afisa ugani anataka kila shamba lihesabiwe peke yake, kwa kuwa idara yake hupanga huduma kwa shamba. Mtakwimu anataka kaya ndiyo ihesabiwe, kwa kuwa ofisi yake hutoa taarifa kwa kaya. Wanabishana kila kikao. Mratibu anasema ni mivutano ya kawaida, anawapeleka kwenye semina ya siku mbili, na kweli wanarudi wakitaniana vizuri. Dodoso linabaki bila saini. Kisha afisa ugani anahamishwa, na mwenzake aliyechukua nafasi, ambaye hajawahi kukutana na mtakwimu, anarudia hoja ile ile katika kikao chake cha kwanza.

Hapo ndipo tofauti inapoonekana wazi. Mtu amebadilika na ugomvi umebaki, kwa hiyo ugomvi haukuwa wa watu hao bali wa maagizo mawili yanayopingana kutoka kwa wakuu wawili. Hakuna idadi ya semina itakayouondoa. Wakuu hao wakikubaliana kwa maandishi kwamba kaya itasajiliwa pamoja na orodha ya mashamba yake, unaweza kwisha kwa barua moja. Kama, kwa upande mwingine, mtakwimu angekuwa anapinga hata ratiba ya safari kwa sababu tu imepangwa na mratibu, na wengine wakigawanyika kumuunga mkono au kumpinga, tungekuwa karibu zaidi na kile Tuckman alichokieleza, na mazungumzo ya ndani yangekuwa dawa inayofaa.

Isitoshe, hata mfuatano wenyewe haujitokezi kila mahali. Mwaka 1988 Connie Gersick alichapisha utafiti wa timu nane za kazi, akaona kwamba hazikupita hatua moja baada ya nyingine, bali zilishika njia moja tangu kikao cha kwanza, kisha zikabadilika kwa ghafla karibu na nusu ya muda zilizopewa. Kwa timu yenye tarehe ya mwisho, kuuliza nusu ya muda imepita lini na nini kilibadilishwa wakati huo kunaweza kufaa kuliko kuuliza ipo hatua ya ngapi.

Basi mratibu anayeandika taarifa ya robo mwaka anaweza kuliacha jina la hatua mahali pake, katika maelezo ya namna watu wanavyozoeana, na kwenye safu ya sababu za kuchelewa akaandika kwamba idara mbili hazijakubaliana nini kihesabiwe, pamoja na cheo cha anayepaswa kuamua.